Kusoma Swichi ya Geti ya Volti 12 kwa Optokapla

Pini ya maikrokontrola kama ESP32 hufanya kazi kwa volti 3.3, ikipewa volti 12 kutoka kwenye swichi ya geti, huweza kuungua. Optokapla huzitenganisha pande hizo. Ndani ya PC817, kifaa chenye miguu minne, taa ndogo huimulika transista bila waya kuziunganisha.

Upande wa geti, taa huhitaji rezista ya kupunguza mkondo. Yenyewe huchukua takribani volti 1.2, hivyo 10.8 hubaki kwa rezista. Ya omu 2,200 hupitisha karibu miliampia 5, zinazotosha. Dayodi 1N4148 huwekwa sambamba na taa, ikielekea kinyume chake, kwa kuwa taa hiyo haistahimili zaidi ya volti 6 za kinyume. Bila dayodi, fundi akibadilisha nyaya kwa bahati mbaya huweza kuiua.

Upande wa pili, transista hukaa kati ya pini na hasi, na rezista ya omu 10,000 huivuta pini kwenda volti 3.3. Hivyo usomaji hugeuka: swichi ikifunga, pini husoma 0.

Kosa baya zaidi ni kuunganisha hasi za pande zote mbili, maana utengano hupotea. Umeme ukizimwa, mita ikilia kati ya hasi hizo, waya unaoziunganisha utafutwe na uondolewe.