Kwa nini pire ya viazi inageuka kole, na namna ya kuipata laini

Hapa Munigi kilo moja ya viazi na makala ya kuipikia ni feza ya kweli. Inauma sana kuona pire imenata ku mwiko kama kole, na watoto wanaikataa.

Kole hiyo inatoka ndani ya kiazi chenyewe. Kiazi kimejaa vifuko vidogo sana, na ndani yake mna wanga. Vikiiva, wanga unavimba lakini unabaki ndani. Ukiponda kwa nguvu ao kwa muda mrefu, vifuko vinapasuka, wanga unamwagika na kunata. Ndiyo maana mashini ya kusagia, ile mikseri, inaharibu pire kwa dakika moja tu.

Anza na kiazi chenye unga mwingi, kama Kinigi inayolimwa pia ng'ambo Rwanda. Kupima, koroga kikombe 1 cha chumvi ndani ya vikombe 11 vya maji, tumbukiza kiazi kibichi. Kikizama, kina unga; kikielea, kifanye supu.

Chukua kilo 1, menya, kata vipande vya ukubwa sawa, osha. Weka ndani ya maji baridi yanayovifunika, na chumvi vijiko vidogo 2. Chumvi itiwe sasa, ju baadaye haiingii tena ndani ya kipande. Ukianza na maji ya moto, inje inapasuka wakati katikati kungali kugumu. Na huku kwetu juu, zaidi ya mita 1 500, maji yanatokota karibu digrii 95, siyo 100. Kwa hiyo usiamini saa: choma na kisu. Kikiingia na kutoka bila kukwama, viazi vimeiva.

Mwaga maji yote, rudisha sufuria ku mbabula yenye moto mdogo, tikisa dakika 2, mpaka mvuke upungue na viazi vikauke, vionekane vyeupe pembeni kama vimepakwa unga. Ukiruka hatua hii, pire itakuwa ya majimaji.

Ponda vikingali vya moto, na mchi ao fursheti, ukikandamiza toka juu kwenda chini, bila kuzungusha. Mabonge yakiisha, acha. Tia kwanza vijiko vikubwa 3 vya siagi, kisha kikombe 1 cha maziwa ya moto, kidogo kidogo. Maziwa baridi yanaipoza na kuifanya nzito. Ili yanukie, yachemshe mbele pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa na jani la seleri, kisha uyachuje. Onja chumvi mwishoni, maliza na pilipili manga kidogo.

Na kama imekwisha kunata? Hairudi, hata uongeze maziwa. Changanya na yai na unga kidogo, finyanga vidonge, ukaange ndani ya mafuta. Hakuna kitakachotupwa.