Umeambiwa Uandike Ripoti za Wasee wa Jobo? Usimmalize Mtu Juu ya Kosa la Desemba

Umepandishwa cheo juzi, sasa wewe ndiye supavaiza. Desemba inaingia na mdosi anakutumia fomu kwa WhatsApp: jaza alama za kila msee, 1 mpaka 5, nataka Ijumaa. Unaona ni kazi ya nusu saa. Lakini hiyo nusu saa ndiyo itaamua nani ataongezwa ganji, nani atapewa kandarasi tena na nani ataambiwa apumzike nyumbani. Manze, hapo usikimbie.

Kuna makosa mawili yanayoharibu hizi ripoti kuliko hata chuki, na mengi hufanywa na watu wazuri tu. La kwanza ni kosa la juzi: unapima mwaka mzima kwa kile kilichotokea wiki tatu zilizopita, kwa sababu ndicho kiko freshi kichwani. La pili ni kosa la mng'ao: mtu ana kitu kimoja kinachong'aa, na hicho kinafanya umpe alama za juu kwa vitu vingine vyote ambavyo hukuviangalia.

Hilo la pili lilipewa jina mwaka wa 1920 na mwanasaikolojia Edward Thorndike wa Marekani. Alichukua alama ambazo wakubwa wa jeshi waliwapa maafisa walio chini yao: umbo la mwili, akili, uongozi na tabia. Akakuta alama zinafuatana sana kuliko inavyowezekana. Aliyepewa juu kwa umbo alipewa juu pia kwa akili, kana kwamba misuli inafikiria. Jina alilitoa kwa ile duara ya mwanga unayoona kichwani mwa watakatifu kwa picha za kanisa.

Twende Sigor

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini kwa kazi ya kweli. Huko juu Kericho na Bomet yenye mashamba ya chai, mchumaji analipwa kwa kilo. Mizani inasema, stori imeisha. Ukishuka upande wa Chepalungu mpaka Sigor, kumekauka kidogo, na watu wengi wanategemea ng'ombe na mahindi. Tuseme kuna kituo cha kukusanya maziwa hapo, na wewe ndiye supavaiza wa makarani wawili. Hawa hawana mizani ya kuwapima. Wanakutegemea wewe na kalamu yako.

Kazi yao iko hivi. Asubuhi wakulima wanaleta maziwa. Karani anayapima kwa laktomita kuona kama yametiwa maji, kisha anachanganya maziwa kidogo na spiriti ya kupimia, kiasi sawa kwa sawa. Yakiganda, hayo yameanza kuharibika, yanarudi na mwenyewe. Maziwa yaliyochacha yana heshima yake ndani ya kibuyu cha mursik, lakini yakiingia kwa tangi yanaharibu ya kila mtu. Baada ya hapo karani anaandika risiti, na jioni jumla ya risiti lazima ikaribiane na kipimo cha tangi.

Karani wa kwanza ni dem mkimya. Tarehe 10 Desemba alipitisha madebe mawili mabaya, tangi la lita 800 likachacha na lori likalikataa. Kwa shilingi 50 kwa lita, hiyo ni 40,000 imemwagika. Kila mtu bado anaongea hiyo maneno.

Karani wa pili ni chali msafi, anaongea vizuri, na kwa mkutano wa wakulima wa Novemba alijibu maswali mpaka wazee wakampigia makofi.

Ukijaza fomu kwa kichwa tu, dem anapata 3 kwa kufika mapema, 1 kwa kupima maziwa, 2 kwa hesabu na 2 kwa kuhudumia wakulima. Jumla ni 8 kwa 20. Chali anapata 5, 5, 4, 5, yaani 19. Dem anaenda nyumbani, chali anapanda cheo. Umemaliza na kahawa yako haijapoa.

Sasa fungua vitabu

Rejista ya kuingia inasema dem hakuchelewa hata mara moja mwaka mzima. Chali alichelewa mara 22. Kitabu cha maziwa yaliyokataliwa kinaonyesha dem alishika madebe mabaya mara 31 kati ya Januari na Novemba. Yaani mara 31 aliokoa tangi, na hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu tangi lisiloharibika halina stori. Kwa hesabu, risiti za chali hazikukaribiana na tangi kwa miezi 7 kati ya 12.

Ona vile makosa yote mawili yamefanya kazi pamoja. Lile tangi la Desemba lilimeza miezi 11 ya dem. Halafu ule ulimi mtamu wa chali ulimwaga mng'ao mpaka kwa hesabu zake, ambazo hazina uhusiano wowote na kuongea vizuri. Na mng'ao una ndugu yake mweusi: tangi lilikuwa la kupima maziwa, lakini lilimshusha dem hata kwa kufika mapema.

Jaza fomu hivi

Kwanza, kata mwaka vipande vinne vya miezi mitatu, na upe kila kipande alama yake kabla ya kupiga jumla. Kwa kupima maziwa, dem anapata 4, 5, 5, na kipande cha mwisho 2. Jumla ni 16, gawa kwa 4, anapata 4. Tangi la Desemba halijafichwa, limewekwa mahali pake: robo ya mwaka.

Lakini usigawe kama mashine. Kama alama zingekuwa 5, 4, 3, 2, wastani ungekuwa 3.5, na hiyo ingekudanganya, kwa sababu mtu anateremka na unahitaji kujua kwa nini. Tukio moja la juzi ni tofauti na mteremko wa mwaka mzima. Vile vipande vinne ndivyo vinakuonyesha unaangalia gani.

Pili, usimalize mtu mmoja halafu uende kwa mwingine. Chukua kipimo kimoja, kwa mfano kufika mapema, upime wasee wote kwa hicho ukiwa na rejista mbele yako. Kisha funga, nenda kwa kupima maziwa, wote tena. Hivyo mng'ao wa chali hauna njia ya kutoka mstari mmoja kuingia mwingine, kwa sababu kila mara unaanza na ushahidi tofauti. Ukimaliza, angalia kila jina. Ukiona 5, 5, 5, 5 ama 2, 2, 2, 2, rudi kwa vitabu. Kuna watu wako hivyo kweli, lakini si wengi.

Ukifanya hivyo, dem anapata 5, 4, 4, 3, jumla 16. Wakulima bado wanamwona mkali, na hiyo ni kweli, usimwongezee kwa huruma. Chali anapata 2, 4, 2, 5, jumla 13. Ile 5 yake ya wakulima inabaki, ameifanyia kazi.

Na ukipima, toa kile ambacho si cha karani. Januari mpaka Machi kunakauka na maziwa yanapungua. Ukimkata mtu alama kwa sababu lita zimeshuka, unampima mvua.

Daftari la Ijumaa

Utauliza, na kama jobo yangu haina rejista wala vitabu? Basi tengeneza. Mwaka wa 1954 mwanasaikolojia John Flanagan aliandika kuhusu njia ya kukusanya matukio yenye uzito: badala ya kuandika mtu ni mzuri ama mbaya, unaandika alichofanya. Kila Ijumaa, dakika tano, jina, tarehe, alichofanya, kilichotokea. Mazuri na mabaya. "Tarehe 14 Mei, alikataa madebe matatu, mkulima akamfokea, hakurudisha sauti." Hiyo ni laini moja, lakini Desemba itakuwa na thamani ya dhahabu.

Daftari nalo lina shida yake. Unaandika unachokiona, na unaona walio karibu na wewe. Msee wa zamu ya alfajiri anaweza kuwa na kurasa tupu kwa sababu ulikuwa umelala. Kila mwisho wa mwezi hesabu laini za kila mtu. Aliye na laini 2 wakati wengine wana 10 hajafanya kidogo, wewe ndiye hukumwangalia.

Mwite kabla ya kusaini

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo kuna kitu kikubwa. Mkalishe dem, mwonyeshe alama, muulize kuhusu tangi. Tuseme anakwambia: "Bosi, spiriti ya kupimia iliisha tarehe 8. Niliandika kwa kitabu cha mahitaji, sikujibiwa." Unafungua kitabu, unakuta ni kweli, na mahali pa sahihi ni pako. Bado alikuwa na lawama, angechemsha maziwa kidogo aone kama yanaganda, ama angekupigia simu. Lakini ile 2 inakuwa 3. Wastani unapanda hadi 4.25, kwa fomu inabaki 4, ila maneno ya chini yanabadilika kabisa.

Usiandike "mzembe, alipoteza tangi." Andika: "Alishika maziwa mabaya mara 31. Tarehe 10 Desemba madebe mawili yalipita baada ya spiriti kuisha siku mbili, ombi lilikuwa limeandikwa. Aonyeshwe kipimo cha kuchemsha, na ofisi iweke spiriti ya akiba." Mtu yeyote akisoma anajua kilichotokea na kitakachofanywa.

Hii si tabia nzuri tu, sheria iko hapo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema kabla ya kumfuta mtu kwa kazi mbaya lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake ama mtu wa chama aliyemchagua, na umsikilize. Kifungu cha 43 kinakutaka uthibitishe sababu yako. Ukishindwa, kifungu cha 49 kinaruhusu mahakama kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Na kwa kesi ya Ol Tukai Lodge, namba 823 ya 2010, mahakama ilisema mwajiri anayedai kazi mbovu lazima aonyeshe alikuwa na njia gani ya kuipima na alichukua hatua gani kuirekebisha. Alama 8 kwa 20 iliyotoka kichwani haiwezi kujibu swali hilo.

Kwa hivyo kama fomu iko kwa simu yako saa hii, usianze na majina. Anza na rejista ya Januari.