Lori Moja, Faida Mbili

Tuseme ndugu wawili wa Njombe wamefungua kampuni na kununua Fuso ya tani kumi kwa shilingi milioni 80, ya kupeleka viazi mviringo Dar es Salaam. Fedha zimetoka siku moja, lakini lori litafanya kazi miaka mitano. Wakiziandika milioni 80 zote kuwa gharama ya mwaka wa kwanza, vitabu vitaonyesha hasara kubwa mwaka huo, halafu miaka minne inayofuata lori litaonekana kana kwamba linabeba mizigo bure. Yote mawili ni uongo. Ndiyo maana wahasibu huigawa bei ya lori katika miaka yake ya kazi, na kila mwaka ukabeba fungu lake kama gharama ya uchakavu.

Ugomvi huanzia kwenye namna ya kugawa.

Wote wawili wanakubaliana kwamba baada ya miaka mitano watalipiga mnada lori na kupata kama milioni 20. Hiyo ndiyo thamani ya masalio. Kwa hiyo kinachogawanywa si milioni 80, ni milioni 60 zitakazoliwa na barabara. Kaka mtu anataka mafungu sawa: milioni 60 kwa miaka mitano, yaani milioni 12 kila mwaka. Mwisho wa mwaka wa kwanza lori litasomeka kwenye vitabu milioni 68, wa pili 56, wa tatu 44, wa nne 32, na wa tano 20. Ukiichora thamani hiyo kwenye karatasi utapata mstari mmoja ulionyooka unaoteremka, na jina la njia yenyewe limetoka hapo.

Mdogo mtu amewahi kuuza magari. “Kaka, mwakani hakuna atakayelitoa hili lori kwa milioni 68,” anasema. Anajua gari hupoteza thamani kubwa mapema, kisha mporomoko hupungua kasi. Yeye anataka njia ya salio linalopungua: kila mwaka ukate asilimia 25 ya kile kilichobaki. Mwaka wa kwanza ni asilimia 25 ya milioni 80, yaani 20, na lori linabaki milioni 60. Mwaka wa pili ni asilimia 25 ya hizo 60, si ya 80, kwa hiyo uchakavu ni 15 na salio ni 45. Mwaka wa tatu uchakavu ni milioni 11.25, wa nne ni 8.44, na lori limefika milioni 25.31. Mwaka wa tano hesabu ingedai milioni 6.33, lakini hiyo ingelishusha lori chini ya milioni 20 walizokubaliana, kwa hiyo mhasibu makini atakata 5.31 tu na kuishia hapo.

Hapa watunza vitabu wengi huteleza. Katika njia hii ya pili hutoi kwanza thamani ya masalio ndipo upige asilimia. Asilimia inapigwa kwenye bei nzima, na masalio yamo tayari ndani ya kiwango ulichochagua. Kosa jingine ni kudhani kuwa miaka mitano maana yake ni asilimia 20. Ukilikata lori hili asilimia 20 ya salio kila mwaka, baada ya miaka mitano bado litasomeka zaidi ya milioni 26. Kiwango kinachofikisha milioni 80 kwenye milioni 20 kwa miaka mitano kamili ni kama asilimia 24.2, na ndiyo sababu 25 inakaribia sana.

Sasa tuitazame faida. Tuchukulie kwamba baada ya kulipa dereva, utingo, dizeli, matairi na ushuru, lori linabakiza milioni 30 kila mwaka kabla ya uchakavu. Kwa njia ya kaka mtu, faida ni milioni 18 mwaka wa kwanza, 18 mwaka wa pili, na 18 hadi mwisho. Kwa njia ya mdogo mtu, mwaka wa kwanza faida ni milioni 10 tu, kisha 15, kisha 18.75, kisha kama 21.56, na mwaka wa tano kama 24.69. Jumlisha miaka yote mitano: kila njia inafika milioni 90. Viazi ni vilevile, safari ni zilezile, na fedha za benki hazijapungua wala kuongezeka hata senti. Kilichobadilika ni mwaka gani umebebeshwa mzigo gani.

Mtu akiona hivyo anaweza kusema basi haina haja ya kubishana. Haja ipo, kwa sababu watu hawangoji miaka mitano kuamua. Benki inaomba hesabu za mwaka uliopita. Gawio linalipwa mwaka huu. Na wabia hawaagani kwa kufuata ratiba ya lori.

Chukua mfano wa kuuza mapema. Mwisho wa mwaka wa pili anatokea mnunuzi na milioni 50 mkononi, nao wanauza. Vitabu vya kaka mtu vinasema lori lina thamani ya milioni 56, kwa hiyo wamepata hasara ya milioni 6. Vitabu vya mdogo mtu vinasema lina thamani ya milioni 45, kwa hiyo wamepata faida ya milioni 5. Biashara ni moja, hundi ni moja, na mmoja anasononeka huku mwenzake akichekelea. Ukipiga hesabu kwa utulivu utaona kwamba wote wamepoteza kitu kilekile: lori limekula milioni 30 kwa miaka miwili. Kaka mtu alikwisha kuandika 24, sasa anaongeza hasara ya 6. Mdogo mtu alikwisha kuandika 35, sasa anarudishiwa 5. Ndiyo maana mimi huiangalia faida au hasara ya kuuza mali kwenye hesabu za kampuni kama marekebisho ya makadirio ya zamani. Kampuni inayoonyesha hasara kila inapouza magari yake inakuambia kwamba uchakavu wake ulikuwa mdogo mno miaka yote iliyotangulia.

Kuachana kwa wabia kunauma zaidi. Kama mmoja anaondoka mwisho wa mwaka wa kwanza na mkataba wao unasema atalipwa nusu ya thamani ya kitabuni, lori la milioni 68 linampa 34, na la milioni 60 linampa 30. Milioni nne zinahama mfukoni kwa mtu kwa sababu ya mstari ulioandikwa kwenye sera za uhasibu, ambao pengine hakuna aliyeusoma siku ya kusaini.

Ipi basi ni njia sahihi? Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu mali za kudumu, IAS 16, hakikupi ruhusa ya kuchagua unayoipenda. Kinataka njia ifuate jinsi manufaa ya mali yanavyotumika. Jengo la ofisi linatumika karibu sawasawa mwaka hadi mwaka, na mstari ulionyooka unalifaa. Ardhi chini yake haikatwi uchakavu kwa kawaida. Lori ni jambo jingine. Mwaka wa kwanza linashuka Kitonga na breki mpya, haliachi safari hata moja. Mwaka wa nne linalala gereji wiki nzima, na bili za mafundi zinapanda. Njia ya salio linalopungua inaupa mwaka wa kwanza uchakavu mkubwa wakati matengenezo ni madogo, kisha uchakavu unapungua wakati matengenezo yanapopanda, na gharama nzima ya kuwa na lori inakaribia kusawazika. Kwa lori la viazi ningemuunga mkono mdogo mtu. Kwa ghala la viazi hivyo hivyo, ningekuwa upande wa kaka.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: ugomvi huu wote hauigusi kodi. Mamlaka ya Mapato Tanzania haiupokei uchakavu ulioandikwa na mhasibu wako. Huurudisha kwenye faida, kisha hukata kwa viwango vya Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Malori mazito yamo kwenye daraja la asilimia 25 ya salio, kompyuta na magari madogo asilimia 37.5, na majengo mengi asilimia 5 kwa mstari ulionyooka. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30, na kama Fuso hiyo ndiyo mali yake pekee katika daraja hilo, kodi ya mwaka wa kwanza inapigwa kwenye milioni 10 na inakuwa milioni 3, vitabu viseme 18 au viseme 10. Mwaka wa tano faida ya kikodi imepanda hadi kama milioni 23.67 na kodi ni kama milioni 7.1. Kaka mtu, ambaye vitabu vyake vinamwonyesha 18 ileile, atadhani ameonewa. Hajaonewa, anailipa sasa kodi aliyoiahirisha alipokuwa akifurahia bili ndogo.

Mchezo mchafu kwa kawaida haufanywi kwenye jina la njia. Hufanywa kwenye yale makadirio mawili tuliyoyapita haraka mwanzoni, miaka ya kazi na thamani ya masalio. Kaka mtu akiandika kwamba lori litadumu miaka minane na litauzwa milioni 32, uchakavu wake wa mwaka unakuwa milioni 6 badala ya 12, na faida inaruka kutoka 18 hadi 24 bila gunia moja kuongezeka. Hivyo ndivyo ilivyofanya kampuni ya uzoaji taka ya Waste Management huko Marekani miaka ya 1990: malori yake yalirefushiwa umri na kupewa thamani za masalio zisizo na msingi. Mwaka 1998 ililazimika kuzisahihisha hesabu zake kwa takriban dola bilioni 1.7, na mwaka 2002 msimamizi wa masoko ya mitaji wa nchi hiyo akawashitaki viongozi wake wa zamani.

Kubadili makadirio si kosa lenyewe; kiwango hicho kinataka yapitiwe upya angalau kila mwisho wa mwaka, na mabadiliko yahesabiwe kuanzia hapo kwenda mbele, bila kufukua miaka iliyopita. Mdogo mtu akihamia mstari ulionyooka baada ya mwaka wa pili, salio la milioni 45 linaondolewa masalio ya 20, zinabaki 25 za kugawa kwa miaka mitatu, yaani kama milioni 8.33 kwa mwaka badala ya 11.25. Faida ya mwaka wa tatu inapanda kwa karibu milioni 3. Ukisoma hesabu za namna hiyo, fungua maelezo yaliyo nyuma ya mizania, tafuta sehemu ya mitambo na magari, na ulinganishe miaka na asilimia zilizoandikwa na zile za mwaka uliopita kabla ya kumpongeza meneja.