Vigae 64 Pembeni mwa Mraba

Mwanahisabati Al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad yapata miaka 1,000 iliyopita, aliona siri hii kwenye mchoro wa mraba.

Chukua vigae vilivyopangwa mraba, kila upande 1 + 2 + 3, yaani 6. Jumla ni vigae 36, sawasawa na 1 + 8 + 27, ambazo ni michemraba ya 1, 2 na 3.

Sasa uongeze mraba huo kwa ukanda wa upana wa vigae 4, juu na kulia. Juu vinaingia 4 × 6, kulia vilevile, na kona inadai 4 × 4. Jumla ni 24 + 24 + 16 = 64, nao ndio mchemraba wa 4.

Si bahati. Maradufu ya 1 + 2 + 3 ni 3 × 4, kwa hiyo mikanda miwili inatosha miraba mitatu ya 4 × 4. Kona ni wa nne. Ibebanishe yote minne: mchemraba umesimama! Ukanda wa 5 nao hutoa miraba mitano, na kuendelea.

Lakini lazima kuanzia 1: 8 + 27 ni 35, ilhali 2 + 3 hutoa mraba wa 25 tu.