Shilingi Elfu Moja Isiyo na Mwenyewe

Wahasibu hawachoki kuniuliza swali hili: "Nimegawa bili kwa idara zote, nikakadiria, jumla imezidi elfu moja. Hiyo elfu nimbebeshe nani?" Jibu langu ni kwamba hakuna wa kubebeshwa. Elfu hiyo umeitengeneza wewe mwenyewe, kwa kukadiria kila idara peke yake bila kuangalia nyingine.

Chukua bili ya maji ya shilingi 100,000 inayogawanywa kwa idadi ya wafanyakazi, na ripoti yenu inaandikwa kwa maelfu. Uzalishaji wako 17, Mauzo 9, Ghala 8, Fedha 5, Utumishi 3, na Ukaguzi wa Ndani yuko mmoja. Jumla ni watu 43. Kwa mpangilio huo, mafungu halisi ni 39.535, 20.930, 18.605, 11.628, 6.977 na 2.326. Ukikadiria kila moja kwa namba nzima iliyo karibu unapata 40, 21, 19, 12, 7 na 2, yaani 101.

Hapo ndipo dawa maarufu inapoingia: "Tofauti itupie idara ya mwisho." Wanaopenda kanuni hii wanasema ni tofauti ndogo tu. Haya, tuitupe. Ukaguzi anayepaswa kulipa 2.326 sasa analipa 1, chini ya nusu ya fungu lake. Panga upya orodha hiyo ili Fedha awe wa mwisho: Ukaguzi anarudi 2, na Fedha mwenye fungu la 11.628 analipa 11. Bili ni ile ile na watu ni wale wale, lakini gharama imebadilika kwa sababu mtu amebofya kitufe cha kupanga majina. Mgao unaotegemea alfabeti si mgao. Tena, idadi ya watu isipobadilika na bili ikiwa ile ile, kosa hilo litaangukia idara ile ile kila mwezi.

Na tofauti haiishii kwenye moja. Kila idara inaweza kuchangia hadi nusu ya kizio cha kukadiria, kwa hiyo vituo 30 vya gharama vinaweza kukusanya kosa linalokaribia 15. Mtupie hizo mkaguzi mwenye fungu la 2.326 uone: atapata gharama hasi, kana kwamba anawauzia wenzake maji! Kuitupia idara kubwa kuliko zote kunapunguza aibu, lakini kosa linabaki kwenye fungu la mtu mmoja. Kuficha desimali kwenye Excel sikuzungumzii hata kidogo; jumla itaonekana 100 huku namba zinazosomeka zikitoa 101.

Njia sahihi inaanzia chini. Kata desimali zote: 39, 20, 18, 11, 6 na 2, jumla 96. Zimebaki nne. Wape moja moja wenye desimali kubwa zaidi: Utumishi (.977), Mauzo (.930), Fedha (.628) na Ghala (.605). Uzalishaji mwenye .535 anakosa. Matokeo ni 39, 21, 19, 12, 7 na 2, jumla 100 kamili, na hakuna aliyesogezwa kizio kizima kutoka fungu lake halisi.

Njia hii inahusishwa na Alexander Hamilton, aliyeipendekeza mwaka 1792 kwa kugawa viti vya Bunge la Marekani. Ina kasoro moja: hesabu za baada ya sensa ya 1880 zilionyesha kuwa Alabama ingepata viti 8 kati ya 299, lakini 7 kati ya 300. Kwenu maana yake bili inaweza kupanda na idara moja ikapungukiwa elfu moja. Mweleze meneja mapema.

Kwenye Excel, watu wakiwa B2:B7 na bili (100) ikiwa F1, andika hizi kwenye C2, D2 na E2, kisha uzishushe:

```
=ROUNDDOWN($F$1*B2/SUM($B$2:$B$7),0)
=$F$1*B2/SUM($B$2:$B$7)-C2
=C2+(RANK(D2,$D$2:$D$7)+COUNTIF($D$2:D2,D2)-1<=$F$1-SUM($C$2:$C$7))
```

COUNTIF inatenganisha idara zenye desimali sawa kwa kufuata mpangilio wa orodha, kwa hiyo mpangilio huo uwe wa kudumu na uandikwe kwenye sera ya uhasibu. Mfumo wako hauwezi kupanga kwa ukubwa? Kadiria jumla inayokua badala ya fungu, kisha toa iliyotangulia: 40, 60, 79, 91, 98, 100 inatoa 40, 20, 19, 12, 7 na 2. Inafunga, ingawa nayo inategemea mpangilio. Angalau hakuna anayesogea kizio kizima. Na mtoa huduma akifuta bili, geuza mgao uliopita mstari kwa mstari. Usigawe upya.