Kuunganisha Nusu Mbili: Jinsi Safu Inavyopangwa kwa Bafa

Upangaji kwa kuunganisha, uliobuniwa na John von Neumann mwaka 1945, huigawa safu ya namba nusu kwa nusu hadi kila kipande kibaki na namba moja, kisha huviunganisha vipande viwili viwili mpaka safu irudi nzima. Kugawa ni kazi nyepesi, kwani kipande chenye namba moja tayari kimepangika. Uzito wote uko katika kuunganisha.

Mfano ni safu ya namba nane ambayo nusu zake zimekwisha kupangwa: kushoto 7, 12, 38, 45; kulia 9, 12, 21, 50. Pembeni ipo bafa, yaani safu ya muda yenye nafasi nane. Kielekezi `i` kinaanza kwenye 7, `j` kwenye 9, na `k` kwenye nafasi ya kwanza ya bafa. Kila hatua ni hii:

```
if (a[i] <= a[j]) b[k++] = a[i++];
else              b[k++] = a[j++];
```

Kati ya 7 na 9, iliyo ndogo ni 7. Inaingia kwenye bafa na `i` inasogea hadi 12. Sasa 12 inakabiliana na 9, na 9 inaingia. Hapa ndipo umuhimu wa bafa unapoonekana: kama 9 ingeandikwa moja kwa moja katika nafasi ya pili ya safu, ingeifuta 12 ambayo bado haijachukuliwa.

Kisha 12 zinakutana. Alama `<=` huipa nafasi ile ya kushoto, na ya kulia hufuata. Kwa namba tupu hakuna tofauti, lakini katika orodha ya wanafunzi iliyokwisha kupangwa kwa majina, wenye alama sawa hubaki katika mpangilio wao wa alfabeti. Anayeandika `<` huupoteza mpangilio huo bila kuona kosa lolote kwenye alama zenyewe.

Baada ya hapo zinaingia 21, 38 na 45. Upande wa kushoto umekwisha, na 50 imebaki kulia bila mpinzani, inanakiliwa ilivyo. Mwisho, bafa nzima inanakiliwa kurudi kwenye safu. Hatua hizi mbili ndizo husahauliwa zaidi. Masalio yakiachwa, nafasi za mwisho za bafa hubaki na thamani za zamani, hivyo baadhi ya namba hutoweka na nyingine huweza kujirudia. Kulinganisha jumla ya namba kabla na baada ya kupanga mara nyingi hulifichua kosa hilo.

Safu ya namba 1,000,000 huhitaji ngazi 20 tu za kuunganisha. Gharama yake ni kumbukumbu: kwa namba za baiti 4, bafa huchukua megabaiti 4 za ziada. Ndiyo maana ni vyema bafa itengwe mara moja mwanzoni na itumike katika ngazi zote, badala ya kutengwa upya kila vipande viwili vinapounganishwa.