Digrii Moja Tu ya Joto

Mafuta ya haidroliki yenye namba 46 kwenye pipa yamepewa namba hiyo kwa mnato wake yakiwa na joto la digrii 40 za Selsiasi. Kuihakiki kunahitaji mrija mwembamba wa kioo wenye umbo la U, beseni la maji ya moto na saa ya kuhesabu sekunde.

Mafuta huchujwa, humiminwa mrijani, kisha mrija husimamishwa wima ndani ya maji kwa dakika 30 hivi. Usiharakishe hapa, kwa maana kioo na mafuta hupata moto polepole. Halafu mafuta hufyonzwa hadi juu ya alama ya kwanza na kuachiwa yashuke yenyewe. Unahesabu sekunde kutoka alama ya juu hadi ya chini. Kila mrija una namba yake maalumu. Ikiwa ni 0.1 na mafuta yametumia sekunde 460, unazidisha na kupata 46.

Rudia. Safari hii saa ikisoma 441, jibu ni 44.1, na mafuta ni yaleyale! Angalia kipimajoto kwanza: digrii moja ya ziada inatosha kuleta pengo hilo. Ndiyo maana maabara hukoroga maji muda wote na kuzuia joto lisipishane zaidi ya digrii 0.02. Muda ukirefuka badala ya kufupika, shuku vumbi mrijani.

Jibu lisiloandikwa pamoja na joto lake, usilipokee.